Mlima Leo Umekaaje?

Ikikaribia saa kumi na mbili jioni, baba yangu huiweka simu yake juu ya kigoda, kwenye kibaraza cha nyumba yake pale Nkoaranga, akakaa pembeni bila kuigusa. Ni ile simu ndogo ya kubonyeza, yenye tochi. Ikiita huwa ni mpwa wangu, yuko mwaloni Nyumba ya Mungu, na nyuma ya sauti yake unasikia makasia yakitupwa ndani ya mtumbwi na watu wakibishana bei.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mmeshindaje?"

"Salama. Mlima leo umekaaje?"

Hapo mzee hajibu upesi. Anageuza shingo kutazama Meru, ingawa ameutazama tangu asubuhi na jibu analo tayari. Nilidhani mwanzoni ni mbwembwe za uzee. Baadaye nikaelewa kwamba anahakikisha: kati ya alichokiona saa kumi na anachokiona sasa, mlima unaweza kuwa umebadilika, na yeye hataki kumpa mtu habari iliyolala.

Mtu akisikia mvuvi wa Arusha hucheka kwanza, na ana haki. Mji wetu hauna ziwa la maana la kuvulia. Pale Tengeru kuna Duluti, ziwa la kreta unaloweza kulizunguka kwa miguu kwa saa moja hivi. Maziwa ya Momella yana magadi na yamo ndani ya hifadhi. Mpwa wangu alianzia Duluti na ndoano, akipata perege wa kiganja na mara mojamoja kambale. Alipomaliza kidato cha nne bila matokeo ya kumpeleka mbele, akamfuata rafiki yake hadi Nyumba ya Mungu, bwawa lililojengewa ukuta miaka ya 1960 kwa ajili ya umeme, kusini mwa Moshi, likageuka pia kuwa riziki ya wavuvi waliokuja kutoka kila upande wa nchi.

Dada yangu alilia kwamba mtoto amekwenda mbali. Lakini ukifuata maji, hakwenda mbali sana. Themi inayokatiza katikati ya jiji la Arusha, Nduruma, mto Usa, na vijito vyote vinavyoshuka upande wa kusini wa Meru vinaishia Kikuletwa, na Kikuletwa inaingia bwawani, ambako inakutana na Ruvu. Kwa hiyo sehemu ya maji anamovulia kijana imepita kwanza nyuma ya migomba ya babu yake.

Ubao uliletwa mwaloni kwao mwaka 2022. Kikundi cha wavuvi kilinunua kipande cha plaiwudi, kikakipaka rangi nyeusi, kikakigongomelea ukutani kwenye banda la mizani. Kazi ikawa kunakili kila jioni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, kutoka kwenye simu: mvua, upepo, na kama kuna angalizo, tahadhari au tahadhari kubwa. Mpwa wangu alipewa chaki kwa sababu mbili tu: ana simu ya kupangusa, na mwandiko wake unasomeka.

Kabla ya ubao watu walimuuliza mzee mmoja. Alifika pale bwawa likiwa bado jipya, akitokea Ziwa Victoria, na siku zangu za kutembelea nilimkuta akikaa chini ya mgunga na ndoo ya plastiki miguuni. Jioni, kabla ya kwenda kutega, manahodha walipita kwake wakauliza. Asubuhi, wakirudi kutegua, kila mtumbwi ulidondosha perege mmoja kwenye ile ndoo. Hakuna aliyeiita malipo. Iliitwa kitoweo cha mzee. Ubao ulipozoeleka, hakuna aliyemkosea adabu. Walimwamkia vilevile, wakapita. Ila mwezi wa tatu ndoo ilikuwa inarudi nyumbani na samaki wawili, siku nyingine haina hata mmoja.

Mzee hakulalamika, alitania. Utabiri ulipokuwa na yale maneno ya kawaida, vipindi vya mvua na ngurumo katika maeneo machache, alimwita kijana akamuuliza: "Mjukuu, hayo machache ni yapi? Sisi tumo?" Wote walicheka. Lakini ni swali zuri, na nililipeleka Arusha kwa rafiki yangu ambaye utabiri ndiyo kazi yake.

Akanieleza hivi. Kompyuta inaigawa anga katika miraba, kama daftari la hesabu, na kila mraba unaweza kuwa na upana wa kilomita kadhaa. Ndani ya mraba mmoja kila kitu kinapewa thamani moja: joto moja, unyevu mmoja, urefu mmoja wa ardhi. Kadiri mraba unavyokuwa mpana, ndivyo kilele cha Meru chenye mita 4,566 kinavyochanganywa na mabonde yaliyo jirani hadi mlima unabaki kama kichuguu. Kompyuta inajua kwamba kuna unyevu unaokuja kutoka Bahari ya Hindi, inajua na siku yake. Mteremko upi utaupokea, hilo haina uhakika nalo. Ndiyo maana mtabiri mwaminifu anaandika "maeneo machache". Si kwamba anakwepa. Amesema kile tu anachokijua.

Nilimpenda kwa jibu hilo, na ndiyo sababu sitaki hadithi hii isomwe kama ya wazee werevu na mashine jinga.

Basi, Julai 2023. Ubao ulisema upepo wa kusini, kilomita 30 kwa saa, hakuna tahadhari. Mpwa wangu aliuandika kwa mkono wake, akauamini. Mzee wa mgunga alimwambia tu, "Kaskazini msiende." Kijana alikwenda kaskazini, kwa kuwa ndiko perege walikokuwa wakitoka wiki ile. Saa sita mchana walikuwa wawili ndani ya mtumbwi, mmoja anapiga kasia, mwingine anakumba maji kwa dumu lililokatwa, na mawimbi yanaingia kwa ubavu. Walifika ufukwe usio wao, mikono inatetemeka, nyavu mbili zimebaki huko.

Kesho yake alikwenda chini ya mgunga. Mzee hakumsimanga. Alichukua kijiti akachora mchangani umbo refu jembamba, kama kidole kimoja cha jani la muhogo kilicholala kutoka kusini kwenda kaskazini. Ndilo bwawa. Akaweka kijiti upande wa kusini. Hapa, akasema, upepo umeingia sasa hivi, haujapata nafasi ya kuyasukuma maji, unaona vikunjo tu. Akakikokota kijiti polepole hadi kaskazini. Hapa umeyasukuma njia nzima bila kizuizi. Upepo ni uleule, wimbi si lile.

Utabiri ulikuwa sahihi, upepo ulikuwa kilomita zilezile. Upepo uleule ukivuma Duluti usingemwamsha bata. Kwenye bwawa refu unazamisha. Jambo hilo halimo katika utabiri wa mkoa, kwa sababu si habari ya anga, ni habari ya umbo la maji.

Mzee akamfundisha na la pili. Kabla upepo haujafika, vumbi la upande wa kusini, kwenye mbuga za Simanjiro, huanza kuinuka. Baadaye juu ya maji unatokea mstari mweusi, kama mtu amepiga wino kwa rula. Ukiuona ule mstari, una muda wa kikombe cha chai, chai ya moto, ya kupuliza. Kijana aliniambia amepima kwa saa ya simu mara nyingi tangu siku ile. Mara nyingi ni kati ya dakika 10 na 15.

Wiki ile akachora mstari wa pili kwenye ubao. Wa juu: TMA. Wa chini: Mwaloni. Na hapo ndipo lilipomjia wazo la kumpigia babu yake, akaongeza wa tatu: Mlimani.

Sasa nimwelezee baba yangu anavyofanya, maana nimekaa naye kibarazani siku nyingi nikimtazama yeye badala ya kuutazama mlima.

Asubuhi Meru huwa wazi, mara nyingi. Jua likishapasha miteremko, hewa inaanza kupanda na kubeba unyevu, na kuanzia saa nne hivi kunatokea mawingu madogo usawa wa msitu. Mgeni akiyaona anasema leo itanyesha. Baba hayahesabu. "Hayo ni moshi wa jikoni," husema. Anachosubiri ni saa nane. Ikiwa mawingu yamepanda hadi karibu na kilele na upande wa magharibi yamechanika kama pamba iliyovutwa, upepo wa juu ni mkavu na unayakata. Hakuna kitu. Ikiwa yamekaa, yamejaza, na tumbo lake limekuwa tambarare, basi anaanza kazi yenyewe, ambayo ni kupima tumbo la wingu.

Anapima kwa alama. Ana alama nne, zote ukizitazama kutoka kwenye kiti kilekile, na mtu akikisogeza kiti anakasirika. Ya juu ni mahali ambapo mwamba unaisha na majani mafupi yanaanza. Ya pili ni ukingo wa juu wa msitu. Ya tatu ni korongo moja lenye umbo la kisigino. Ya nne ni mpaka wa msitu na mashamba. Wingu likifunika alama ya pili na kurudi juu, ni manyunyu ya msituni, mto hautajua. Likikaa kwenye kisigino mpaka jioni, mlimani kutanyesha usiku. Likishuka hadi mashambani kabla ya saa kumi na mbili, anawaambia akina mama waingize kahawa.

Hakuna uganga humo. Kila jioni anajiuliza swali moja, kutoka mahali pamoja, kwa kipimo kilekile, na amefanya hivyo kwa zaidi ya miaka 50. Rafiki yangu mtabiri nilipomweleza alinyamaza, kisha akasema hivyo ndivyo kituo cha hali ya hewa kinavyofanya kazi: mvua hupimwa saa tatu asubuhi kila siku, kwenye chombo kilekile, mahali palepale, kwa sababu ukihamisha chombo miaka yako yote ya nyuma inapoteza maana. Baba na kiti chake.

Usiku anatumia masikio. Kijito kilicho chini ya shamba kina sauti tatu. Ya kawaida ni maji juu ya mawe. Mvua ikinyesha msituni, sauti inanenepa, lakini bado ni ya maji. Ya tatu ni mawe yenyewe. Maji yakipata nguvu ya kuyabiringisha, yanagongana chini huko, na husikii kwa sikio tu bali pia kwenye mguu wa kitanda. Baba anadai anajua na ukubwa wa jiwe. Sikuamini, hadi asubuhi moja aliposema "kama chungu cha maharage", tukashuka kijitoni, na kwenye kivuko kulikuwa na mawe mapya ya ukubwa ule.

Kwa vile vocha ni ghali walikubaliana na mjukuu wake lugha ya kubipu. Mlio mmoja: wingu liko juu. Miwili: limekaa kwenye kisigino. Mitatu: nipigie sasa hivi.

Alikosea pia, na alikosea vibaya. Septemba 2023 aliitazama miti yake, akaangalia nyuki, akasema vuli itakuwa ya kawaida. TMA walikuwa wametangaza mvua za juu ya wastani kwa sababu ya El Nino. Mpwa wangu alinipigia mimi, si babu yake, akauliza kwa sauti ya chini aandike lipi. Nilimwambia aandike yote mawili, jibu la kiwoga. Yeye akaenda mbali zaidi: akawashauri wenzake wahamishe kambi yao ya kukaushia samaki kutoka kwenye tambarare ya chini. Mvua ya vuli ile nchi nzima inaikumbuka, na Desemba maporomoko ya tope yalishuka kutoka Hanang yakaifunika Katesh. Bwawani maji yalipanda mpaka pale kambi ilipokuwa imesimama.

Nilikwenda Nkoaranga wakati wa Krismasi nikamweleza baba chanzo. Kwamba kuna bahari kubwa, Pasifiki, upande wa pili wa dunia, na maji yake yakipata joto kuliko kawaida, pepo zinabadilika hata huku. Na kwamba mwaka ule Bahari ya Hindi upande wetu nayo ilikuwa na joto, na ndiyo iliyotumwagia. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza hiyo bahari wanaipimaje joto. Nikamweleza maboya na setilaiti. Akauliza wanapima kila siku? Kila siku. Mahali palepale? Nikasema ndiyo, maboya yametiwa nanga.

"Basi wako sawa," akasema. Kisha: "Wangeniambia mapema. Maharage yangu yote ya bondeni yameoza."

Tangu hapo hasemi tena habari za msimu. Ukimuuliza masika itakuwaje, anakuelekeza kwenye redio. Anasema mlima wa leo tu.

Usiku mmoja wa Aprili 2024 alibipu mara tatu. Ilikuwa saa tisa. Siku mbili kabla, ubao ulikuwa na tahadhari ya mvua kubwa kwa mikoa ya kaskazini, kwa hiyo mwaloni walijua kuna jambo linakuja. Hawakujua mto upi, wala usiku upi. Kijana akampigia.

"Babu?"

"Mawe yanatembea. Kama vyungu. Tangu saa saba."

"Kijito chetu tu?"

"Na Usa nimeusikia. Huwa siusikii hapa."

Mpwa wangu ana daftari. Kila mara babu aliposikia mawe aliandika saa, na kila mara maji ya mdomo wa Kikuletwa yalipogeuka rangi ya chai ya maziwa aliandika saa. Si kila mara yalifika. Mvua za kwanza baada ya kiangazi zinaliwa njiani na mifereji, na mashamba ya tambarare yanakunywa kilichobaki. Lakini ardhi ikishashiba, maji yanasafiri kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu bila kupumzika, na daftari lilikuwa linasema kati ya saa 20 na 30.

Alfajiri alikwenda mdomoni mwa mto, akategua nyavu zake, akaandika ubaoni: Mlimani, mafuriko njiani, kesho alfajiri. Nusu ya manahodha walimfuata. Wengine walitazama maji, wakaona ni safi na samaki wapo, wakabaki. Jua liliwaka siku nzima, na watu wakaanza kumtania. Kesho yake saa kumi na moja alfajiri, saa 26 tangu ile simu, mto ulikuja wa kahawia, na magogo, na visiwa vizima vya mafunjo vilivyong'olewa na mizizi yake. Nyavu zilizobaki mdomoni zilipatikana baadaye zimesokotwa na matete kama kamba ya nanga. Waliotegua walikuwa wameshahamia kwenye nyasi za pembeni na ndoano, maana maji mapya yakifunika majani ndipo kambale wanapopanda kutaga.

Wapo waliosema ilikuwa bahati. Ndoo ya mzee wa mgunga inajaa siku nyingine, nyingine haijai. Mpwa wangu anatia perege wake kila asubuhi, na mwisho wa wiki anamtumia babu vocha, ambayo babu haitumii, anaiweka.

Nilikuwa kibarazani Julai iliyofuata. Ni msimu ule ambao wingu la baridi linalala juu ya Arusha nzima, na Meru unaweza kupotea wiki mbili mfululizo. Simu iliita. Salamu zikapita.

"Mlima leo umekaaje, babu?"

Mzee aligeuza shingo. Kulikuwa na ukungu tu, mweupe, kuanzia juu ya migomba. Alitazama kwa muda uleule anaotazama kila siku.

"Leo sijauona."

"Lakini unaonaje wewe?"

"Nimesema sijauona."

Nilimsikia kijana akicheka kidogo upande wa pili, kisha chaki ikikwaruza kwenye plaiwudi, na mtu akimuuliza pale banda la mizani, hilo nalo unaandika la nini.